Fomu Iliyodai Muda Umekwisha Kabla Muda Haujaanza

Binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita aliingia kwenye intaneti kafe mjini Morogoro akiwa na kila kitu anachohitaji mwombaji wa chuo: namba zake za mtihani wa kidato cha nne na cha sita, picha ndogo, na cheti cha kuzaliwa alichokwisha kukiskani na kukihifadhi kwenye flashi. Kafe ile, kama nyingi, hutoza kwa nusu saa. Alipewa kompyuta ya pembeni yenye Windows 7, akafungua Internet Explorer iliyokuwa tayari kwenye skrini, akaandika anwani ya chuo, na fomu ya usajili ikatokea bila kusuasua. Akajaza majina, namba za mtihani, simu, anwani ya kijijini kwao na nywila, kisha akapakia picha na cheti. Alipobonyeza kitufe cha kutuma, ukurasa ukabadilika na kuleta sentensi moja:

```
Your session has expired. Please try again.
```

Yaani muda wako umekwisha, jaribu tena. Aliporudi nyuma alikuta fomu tupu, majibu yote yamefutika.

Alidhani amechelewa kuandika, na kwa mtu asiyezoea kibodi hilo lilikuwa wazo la haki kabisa. Akaanza upya kwa haraka zaidi. Sentensi ikarudi. Akamwita mhudumu, naye akatazama skrini na kumpa jibu linalotolewa kila siku katika kafe zetu: "Mtandao leo uko chini, mdogo wangu. Subiri kidogo utulie." Akasubiri, akalipia nusu saa nyingine, na safari hii akaja na mbinu nzuri: aliandika majibu yake yote kwanza kwenye Notepad, kisha akayanakili na kuyabandika kwenye fomu moja baada ya jingine. Haikuchukua hata dakika tatu. Sentensi ikarudi vilevile.

Jirani yake wa meza ya pili, kijana aliyekuwa anachapa barua ya kuomba kazi, ndiye aliyesema, "Dada, hebu jaribu kwa Firefox." Mhudumu akaifungua. Binti akabandika majibu yake, akapakia picha na cheti, akatuma. Ukurasa uliofuata ulimpongeza kwa kusajiliwa, na muda mfupi baadaye simu yake ikapokea ujumbe wenye namba ya kulipia ada ya maombi.

Waliokuwepo waliondoka na somo moja: Firefox ina kasi kuliko Internet Explorer. Somo hilo si sahihi, na atakayelishika litamwangusha siku nyingine. Kilichotokea kwenye kompyuta ile hakikuhusu kasi hata kidogo. Tatizo lilikuwa saa ya kompyuta, na Firefox ilifaulu kwa sababu haikuiuliza saa hiyo.

Ili kuona ilivyokuwa, inabidi kujua kwanza jinsi tovuti inavyomkumbuka mtu. Kivinjari kinapoomba ukurasa, seva ya chuo huujibu na kumsahau aliyeomba. Ombi linalofuata, hata likija sekunde kumi baadaye kutoka kompyuta ileile, kwa seva ni ombi la mgeni. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni njia ya kuliondoa tatizo hilo: seva ikabidhi kivinjari maandishi mafupi yenye namba, na kivinjari kiyaoneshe maandishi hayo kila kinaporudi. Maandishi hayo ndiyo tunayoyaita vidakuzi. Yanafanya kazi kama kadi ya namba anayopewa mtu aliyeacha mzigo wake stendi: mwenye ghala hakujui kwa sura, lakini ukionesha kadi atakutolea mzigo wako, ukija mikono mitupu, hana cha kukupa.

Fomu ya usajili hutegemea kadi hiyo tangu mwanzo. Ukurasa wa fomu unapofunguka, seva hutoa kidakuzi chenye namba ya kipindi chako, na ndani ya fomu yenyewe huficha alama ya siri inayolingana na namba hiyo. Ukibonyeza kutuma, seva huvilinganisha viwili hivyo. Ni ulinzi mzuri, kwa kuwa huzuia tovuti ya mtu mwingine isitume fomu kwa jina lako. Lakini iwapo kidakuzi hakikurudi pamoja na fomu, seva haina la kulinganisha, na huikataa fomu nzima.

Hapa ndipo ujumbe ule ulipompoteza binti yule, mhudumu na kila aliyeusoma. Seva haina njia ya kujua kwa nini kidakuzi hakikurudi. Inaona tu kwamba hakipo. Kwa kuwa sababu ya kawaida ya kutokuwepo ni muda kupita, waandishi wa programu huandika kwenye ujumbe kwamba muda umekwisha, na sentensi hiyohiyo hutokea hata pale kidakuzi kilipotupwa sekunde ileile kilipopokelewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Morogoro. Internet Explorer ilipokea kidakuzi, ikasoma tarehe yake ya mwisho, ikaona imekwisha kupita, ikakitupa. Yote hayo yalifanyika kabla binti hajaandika hata herufi ya kwanza ya jina lake.

Tuifuate hesabu yenyewe kwa mfano, maana humo ndimo jibu lote lilimo. Tuseme ni Jumanne, tarehe 12 Septemba 2017, saa 4:10 asubuhi. Seva inafungua fomu na kumpa mwombaji saa mbili za kuijaza. Inatuma mstari wa namna hii, ambao mtumiaji hauoni:

```
Set-Cookie: kipindi=8f3a71; expires=Tue, 12-Sep-2017 09:10:00 GMT; Max-Age=7200; path=/
```

Mstari huu unataja mwisho wa kidakuzi mara mbili, kwa namna mbili tofauti. Sehemu ya `expires` inataja wakati kamili kwa saa ya Griniwichi, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo kidakuzi kitakufa saa 6:10 mchana kwa saa ya Morogoro. Sehemu ya `Max-Age` haitaji wakati wowote. Inasema tu: kihesabie sekunde 7200, yaani saa mbili, tangu ulipokipokea. Mahali ambapo saa zote ziko sawa, sehemu hizi mbili zinasema jambo moja.

Sasa tuitazame kompyuta ya kafe. Chini kwenye kona ya skrini ilionesha 10:10 AM, sawasawa na saa ya ukutani, na hakuna ambaye angeitilia shaka. Lakini Windows huhifadhi mambo mawili: saa inayoonekana, na saa za eneo, yaani sehemu ya dunia ambako kompyuta inaamini iko. Anayeweka Windows ya Kiingereza cha Marekani na kubonyeza kuendelea bila kusoma, kompyuta yake hubaki na eneo hili:

```
(UTC-08:00) Pacific Time (US & Canada)
```

Hilo ni eneo la Kalifonia na Washingtoni, jimbo yalipo makao makuu ya Microsoft. Fundi wa kafe alipomaliza kuweka Windows aliona saa inayoonekana haiko sawa, akaisogeza kwa mkono hadi ikalingana na ya simu yake, na eneo akaliacha lilivyo. Tangu siku hiyo kompyuta iliamini kwamba ni saa 4:10 asubuhi huko Kalifonia. Mwezi Septemba Kalifonia iko nyuma yetu kwa saa kumi, kwa hiyo kwa hesabu ya kompyuta, Tanzania ilikuwa saa 2:10 usiku.

Hapo mambo yote yanajipanga. Kidakuzi kinaletwa na agizo la kufa saa 6:10 mchana. Kompyuta inaamini kwamba ni saa 2:10 usiku, saa nane baada ya muda huo. Internet Explorer inaamua kwamba imeletewa kitu kilichokwisha muda, na inakitupa. Binti anaweza kuandika kwa kasi ya karani wa mahakama na bado atashindwa, kwa sababu anashindana na muda uliopita kabla ya yeye kuketi.

Kwa nini Firefox haikuanguka kwenye shimo hilohilo? Vidakuzi vya Netscape vya mwanzo vilijua `expires` peke yake. `Max-Age` iliingia kwenye kanuni rasmi za mtandao mwaka 1997, na kanuni za mwaka 2011, zinazojulikana kwa namba RFC 6265, zikasema wazi kwamba kivinjari kikikuta zote mbili kiifuate `Max-Age`. Firefox na Chrome hufanya hivyo. Internet Explorer kwenye Windows 7 ilibaki na desturi ya zamani. Iliipuuza `Max-Age` na kusoma `expires` tu. Kwa Firefox, sekunde 7200 ni sekunde 7200 hata kompyuta ikiamini iko Kalifonia, Tokyo au Morogoro. Ilikihifadhi kidakuzi, ikakirudisha pamoja na fomu, na seva ikaridhika.

Kisa hiki kina jambo jingine lililofanya tatizo lionekane kama la kubahatisha. Windows 7 ina utaratibu wa kuuliza saa sahihi kwenye mtandao, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Kila ilipouliza, ilijirekebisha ndani, na kwa kuwa eneo bado lilikuwa Kalifonia, saa ya kwenye kona ilirudi nyuma kwa saa kumi. Mhudumu alipoiona imeharibika, aliisogeza tena kwa mkono. Katika kile kipindi kifupi ambacho saa ya skrini ilionekana mbovu, kompyuta ilikuwa na wakati sahihi na fomu zilipita. Alipoitengeneza, zikaanza kukataliwa upya. Mtu angeshinda siku nzima akilaumu mtandao bila kupata mwelekeo, na wateja waliorudi siku tofauti walisimulia habari tofauti.

Mtu anawezaje, basi, kutambua kwamba yuko kwenye tatizo hili na si jingine? Kigezo bora ni kuangalia ni nani anayezungumza kwenye skrini, na baada ya muda gani.

Mtandao ukiwa ndio mbovu, anayelalamika ni kivinjari chenyewe. Huzungusha duara kwa muda mrefu, kisha huleta ukurasa wake usio na nembo ya chuo wala rangi zake. Chrome huandika `ERR_CONNECTION_TIMED_OUT`, na Firefox husema `The connection has timed out`. Hapo kubadilisha kivinjari hakusaidii. Kinachosaidia ni kusubiri au kutafuta mtandao mwingine. Ujumbe ukija na nembo ya chuo na mapambo ya tovuti, maana yake ombi lilifika kwenye seva na jibu likarudi. Mtandao umefanya kazi yake, na kuulaumu ni kupoteza pesa za nusu saa nyingine.

Ukishajua kwamba anayezungumza ni seva, angalia muda. Vipindi huisha kweli. Programu za PHP, ambazo tovuti nyingi zimejengwa kwazo, zisipobadilishwa huweka kikomo cha sekunde 1440, yaani dakika 24 za kukaa kimya. Mwombaji anayefungua fomu, akaenda kupiga simu nyumbani kuuliza tarehe ya kuzaliwa ya baba, akarudi baada ya nusu saa, anaweza kukataliwa kwa haki. Kwa hiyo jaribu hivi: fungua fomu upya, jaza haraka yale yanayolazimishwa tu, na utume ndani ya dakika moja au mbili. Ujumbe wa muda kwisha ukija hata hapo, si muda uliokwisha. Kidakuzi hakirudi, na sababu iko kwenye kompyuta uliyokalia.

Binti yule alikuwa amelifanya jaribio hilo bila kujua, siku ileile, alipobandika majibu yake kutoka Notepad kwa chini ya dakika tatu na bado akakataliwa. Ushahidi wote ulikuwa mbele yao. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mbona dakika tatu zihesabiwe kuwa nyingi.

Jaribio la saa nalo ni jepesi, ingawa kuitazama kona ya skrini hakutoshi. Kwenye Windows 7 bonyeza saa, kisha `Change date and time settings...`, na usome mstari wa eneo. Kwa Tanzania, Kenya na Uganda panatakiwa paandikwe hivi:

```
(UTC+03:00) Nairobi
```

Ukikuta Pacific Time, umempata mkosaji. Bonyeza `Change time zone...` na uchague Nairobi. Usishtuke saa ya kwenye kona ikiruka mbele kwa saa kumi mara moja. Ndiyo saa ambayo kompyuta ilikuwa ikiiamini muda wote. Baada ya hapo irekebishe saa yenyewe ifuate ya simu yako, maana simu hupata wakati na eneo kutoka kwenye mtandao wa simu na kwa kawaida haikosei. Fuata mpangilio huo: eneo kwanza, saa baadaye. Ukianza na saa, utakuwa umerudia kosa la fundi wa mwanzo. Mhudumu wa Morogoro alipoelekezwa hivyo na fundi aliyepita kafeni baadaye, fomu ileile ikapita kwenye Internet Explorer ileile iliyokuwa ikiikataa.

Mtu atauliza mbona tovuti yenye kufuli haikutoa onyo lolote, wakati tumezoea kuona maonyo saa ikiwa mbovu. Sababu ni ukubwa wa kosa. Hati ya usalama ya tovuti hudumu kwa miezi, kwa hiyo kosa la saa kumi halionekani kwake, huku kidakuzi cha saa mbili likikiua kabisa. Onyo la hati huja saa inapopotea kwa miezi au miaka, kama inavyotokea kwenye kompyuta ambayo betri yake ndogo ya mviringo, ile ya CR2032 iliyoko kwenye ubao mkuu, imekufa, na kila inapowashwa hurudi kwenye mwaka iliotengenezwa. Kompyuta ya namna hiyo iko nyuma ya wakati, kwa hiyo vidakuzi havifi mapema, ila kila tovuti salama hulalamika. Saa iliyotangulia kwa saa chache haina kelele, na ndiyo maana inaweza kukaa kafeni kwa miaka.

Kubadilisha kivinjari ni jaribio zuri, tena la bure, lakini lina mipaka yake. Linasaidia pale tatizo linapokaa ndani ya kivinjari kimoja: namna kinavyosoma tarehe, au vidakuzi vilivyozuiwa kwenye mipangilio yake na mtu aliyeketi hapo kabla yako. Haliponyi mtandao uliokatika wala seva iliyozidiwa siku ya mwisho ya maombi. Kabla ya kutuma mara ya pili, tenganisha pia kukataliwa na kutojua. Seva iliyosema kipindi kimekwisha imeikataa fomu na haikuandika chochote, kwa hiyo kurudia hakuna hatari. Lakini kama kilichokatika ni mtandao wakati fomu iko njiani, huenda seva iliipokea na jibu tu ndilo lililopotea. Tazama kwanza ujumbe wa simu na barua pepe, au jaribu kuingia kwa nywila uliyoichagua, la sivyo utaambiwa namba yako ya mtihani imekwisha kutumika na utaingiwa na hofu isiyo na sababu.

Baada ya yote hayo, mzigo huu haukupaswa kubebwa na mwanafunzi. Aliyeijenga tovuti ya chuo alikuwa na njia rahisi ya kuuepuka. Angeweza kutoa kidakuzi kisicho na tarehe kabisa, kinachoishi hadi kivinjari kitakapofungwa, na hesabu ya muda ikafanyika kwenye seva ambako saa inajulikana kuwa sahihi. Katika Laravel, mfumo unaotumiwa na wajenzi wengi wa tovuti, ni badiliko la neno moja kwenye faili la `config/session.php`:

```
'expire_on_close' => true,
```

Kwa waombaji wa kafe badiliko hilo lina faida maradufu. Linaondoa ugomvi wa saa, na linafanya kipindi cha mwombaji kiishe anapofunga kivinjari, hivyo anayekalia kiti baada yake hakuti ukurasa wenye majina na namba zake za mtihani. Ujumbe nao ungeweza kuwa mkweli zaidi: ukisema kwamba seva haikupokea kidakuzi, na kwamba mwombaji akague saa na eneo la kompyuta au atumie kivinjari kingine, ungemwonesha mhudumu pa kuanzia badala ya kumwambia msichana mwenye bidii kwamba ni mzito wa kuandika.

Mpaka wajenzi wa tovuti watakapofanya hivyo, mwombaji wa kafe ajilinde kwa kuandika majibu yake kwanza kwenye Notepad na kuyahifadhi kwenye flashi yake, kama alivyofanya binti yule. Kwake kila jaribio lilikuwa ni kubandika tu, ndiyo maana Firefox ilipofunguliwa alihitaji dakika chache kumaliza. Akishasajiliwa, atoke kwenye akaunti yake katika kila kivinjari alichojaribu, afute picha na cheti alivyovinakili kwenye kompyuta, na lile faili la Notepad lenye nywila asiliache nyuma.

Na mwenye kafe azungukie kompyuta zake zote, moja baada ya moja, asome mstari wa eneo. Ni kazi ya asubuhi moja, na haihitaji kununua chochote.